Pembetatu Kubwa Kwanza: Kujaza Kivuli cha Tangramu kwa Pembe na Urefu wa Kingo

Karibu kila mtu aliyewahi kushika vipande saba vya tangramu ameshaambiwa aanze na pembetatu mbili kubwa. Ushauri huo ni sahihi, ila mara nyingi hutolewa bila sababu, na anayeupokea hivyo huishia kuzisogeza pembetatu zenyewe huku na huku juu ya kivuli, yaani umbo linalopaswa kujazwa kwa vipande vyote saba, mpaka zionekane kama zimekaa. Katika makala hii nataka kueleza kwa nini pembetatu kubwa hutangulia, na hasa ni vipimo gani vinavyoonyesha mahali pake kabla mkono haujagusa kipande chochote. Nitatumia kivuli kimoja, trapeza yenye pembe mbili za mraba. Ukiitazama utadhani ni nyepesi kuliko paka au ndege, lakini ukianza kuijaza utaona ni ngumu kuliko wote wawili, kwa kuwa haina mkia wala sikio la kukudokezea lolote.

Vipande ninavyotumia vilikatwa na fundi seremala wa Majengo, hapa Moshi, kutokana na mabaki ya plaiwudi ya milimita 6. Aliponiomba vipimo nilimpa kimoja tu, kwamba pembetatu ndogo iwe na pande fupi za sentimita 5.

“Na hivi vingine sita, mwalimu?” akaniuliza.

“Vyote vinatoka humo humo, fundi. Lete penseli.”

Pembetatu zote tano za tangramu zina umbo lilelile, yaani pembe moja ya nyuzi 90, pembe mbili za nyuzi 45, na pande mbili fupi zilizo sawa. Tofauti yake ni ukubwa tu. Ndogo zina pande fupi za sentimita 5 na upande mrefu wa 7.1, ya kati ina pande fupi za 7.1 na upande mrefu wa 10; kubwa zina pande fupi za 10 na upande mrefu wa 14.1. Mraba una pande za sentimita 5, na msambamba una pande mbili za 5 na mbili za 7.1, huku pembe zake zikiwa za nyuzi 45 na 135. Kwa hiyo katika vipande vyote saba kuna urefu wa aina nne peke yake: 5, 7.1, 10 na 14.1.

Aina hizo nne ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa 5 na 10. Ukoo wa pili ni wa 7.1 na 14.1, ambao unapatikana kwa kuzidisha wa kwanza kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.414. Kipeuo hicho hakiwezi kuandikwa kwa sehemu wala kwa desimali inayokoma, na jambo hilo, ambalo darasani huonekana halina kazi, ndilo linalofumbua vivuli. Kwa kuwa kipeuo hicho hakilingani na sehemu yoyote, huwezi kuunganisha kingo za koo zote mbili ukapata urefu ulio sawasawa na kingo za ukoo mmoja. Ukingo wa kivuli wenye sentimita 15 unaweza kujazwa na 5 tatu, au na 10 na 5, lakini ukiingiza hata ukingo mmoja wa 7.1, hesabu haifungi tena, hata ungeongeza nini.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hukaribia kufunga. Upande mrefu wa pembetatu kubwa una 14.1, na ukiulaza kwenye ukingo wa 15 unabakiza milimita 9. Katika vipande vya ukubwa wangu pengo hilo linaonekana wazi, lakini katika kivuli kilichochapishwa kidogo kwenye karatasi linaweza kuwa la milimita mbili au tatu, na jicho linalisamehe. Mtu anaweka pembetatu kubwa hapo, anaona imekaa vizuri, kisha anahangaika muda mrefu na vipande sita vilivyobaki akidhani shida iko kwenye hivyo. Hii pia ndiyo sababu iliyonifanya nikatae vipande vya sentimita 2.5 ambavyo fundi alitaka kunikatia ili asipoteze plaiwudi. Meno ya msumeno hula milimita mbili hivi katika kila mkato, na pengo la milimita 4 likichanganyika na hasara ya msumeno huwezi tena kutofautisha kosa la kuweka na kosa la kukata.

Sasa tukitazame kivuli chenyewe. Kwenye karatasi, trapeza imelala kwa upande wake mrefu. Upande wa chini una sentimita 7.5, wa juu 4.5, wa kushoto umesimama wima kwa sentimita 3, na wa kulia unateremka kwa mshazari wenye urefu wa 4.2. Pembe mbili za kushoto ni za nyuzi 90, ya juu kulia ni ya 135, na ya chini kulia ni ya 45. Vipimo hivi havifanani na vya vipande, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kivuli kimepunguzwa mara ngapi, na hapo msaada unatoka kwenye eneo. Pembetatu ndogo ina eneo la sentimita za mraba 12.5; ya kati, mraba na msambamba kila kimoja kina 25; pembetatu kubwa kila moja ina 50. Jumla ni 200, na kivuli chochote kilichojazwa na vipande vyote saba bila kupandiana lazima kiwe na 200 hizo. Trapeza ya kwenye karatasi ina eneo la 18, kwa kuwa nusu ya jumla ya 7.5 na 4.5 ni 6, na 6 mara kimo cha 3 ni 18. Gawanya 200 kwa 18 upate takriban 11.1, kisha tafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni 3.33. Ukizidisha kila upande kwa 3.33, chini inakuwa 25, juu 15, kushoto 10, na mshazari 14.1.

Mara tu namba hizo zinapotoka, koo zinajitambulisha. Chini, juu na kushoto ni pande za ukoo wa 5. Mshazari ni wa ukoo wa 7.1. Kutokana na hilo tunajua kila kipande kimelala vipi, ingawa hatujui kiko wapi. Pembetatu kubwa zitakuwa na pande fupi zilizolala au kusimama wima, na upande mrefu utakuwa wa mshazari. Ya kati ni kinyume chake: upande wake mrefu, ambao ni 10, ndio utakaolala au kusimama, na pande zake fupi za 7.1 zitakuwa za mshazari. Mraba utakaa sawa, hautasimama kwa ncha. Msambamba utakuwa na pande za 5 zilizolala au kusimama na pande za 7.1 za mshazari.

Uhakika huu haukutokana na mazoea tu. Mwaka 1942 wanahisabati wawili wa Kichina, Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung, walithibitisha kwamba maumbo yasiyo na kona ya kuingia ndani yanayoweza kujengwa kwa vipande vyote vya tangramu ni 13, wala hayazidi. Walianza kwa kuigawanya tangramu nzima kuwa pembetatu 16 zilizo sawa na ile ndogo, kisha wakaonyesha kwamba ndani ya umbo la namna hiyo ukingo wa ukoo mmoja haulali kamwe dhidi ya ukingo wa ukoo mwingine. Trapeza yetu ni mojawapo ya hayo 13, kwa hiyo tunaweza kuitegemea kanuni hiyo hadi kipande cha mwisho. Vivuli vyenye kona za kuingia ndani havina dhamana hiyo, na nitavirudia mwishoni.

Sasa pembetatu kubwa. Mbili kwa pamoja zinachukua 100, yaani nusu ya kivuli kizima, na katika trapeza yenye kimo cha 10 kila moja inagusa chini na juu, kwa kuwa upande wake mfupi uliosimama una urefu huohuo wa 10. Kipande kinachofika sakafuni na darini kwa wakati mmoja hakina nafasi nyingi za kukaa, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kuanza nacho. Pembetatu ndogo ingeweza kukaa mahali pengi sana katika trapeza hii. Kubwa nafasi zake unaweza kuzihesabu bila kuchoka.

Tuanze na kona ya chini kulia, yenye nyuzi 45. Mraba hauna pembe kali namna hiyo, kwa hiyo umetoka. Kati ya vilivyobaki, pembetatu kubwa ina upande mrefu wa 14.1, ulio sawasawa na mshazari mzima. Tuiweke hapo, upande mrefu ukilala kwenye mshazari, pembe yake ya mraba ikiwa kwenye upande wa chini wa kivuli. Imechukua sentimita 10 za chini, na kilichobaki ni mstatili wenye urefu wa 15 na kimo cha 10. Siyo lazima kubwa iwe hapo, na wapo wanaozibana zote mbili kushoto zikawa mraba mmoja mkubwa, lakini nafasi hii ni njema kwa sababu inaacha umbo rahisi kulihesabu.

Kubwa ya pili lazima ikae ndani ya mstatili huo. Upande wake mfupi uliolala unachukua 10 kati ya zile 15 za juu au za chini, na zinazobaki ni 5. Haiwezekani kuzigawa hizo 5 kuwa 2.5 kila upande, maana hakuna kipande chenye ukingo wa 2.5. Basi pembetatu inabanwa mwisho wa kushoto au mwisho wa kulia, upande wake uliolala ukiwa juu au chini, na upande wake uliosimama ukiwa kwenye ukuta wa mstatili au ndani yake. Nafasi zote ni nane, na ukizitazama vizuri zinagawanyika katika makundi mawili.

Katika nne kati ya hizo, upande uliosimama uko ndani ya mstatili, sentimita 5 kutoka ukutani. Hapo pembetatu inakuwa kizuizi kinachokata nafasi iliyobaki vipande viwili: mstatili mwembamba wa 5 kwa 10, na pembetatu yenye umbo la kubwa. Kila kimoja kina eneo la 50. Vipande vitano vilivyobaki vina jumla ya 100, kwa hiyo eneo halitoi onyo lolote, na watu wengi hunasa hapa. Onyo linatoka kwa pembetatu ndogo. Ukiweka mraba katika mstatili mwembamba, panabaki mraba mwingine ambao utajazwa na ndogo mbili tu. Ukiweka msambamba, zinabaki pembe mbili, kila moja ya ukubwa wa ndogo. Ukiweka ya kati, upande wake wa 10 ukiwa ukutani, zinabaki pembe mbili za aina hiyohiyo. Kwa vyovyote, mstatili mwembamba unameza pembetatu ndogo zote mbili. Ile nafasi yenye umbo la kubwa sasa inapaswa kujazwa na viwili kati ya ya kati, mraba na msambamba, nayo haikubali: ukiingiza ya kati, kinachobaki ni pembetatu nyingine ya ukubwa huohuo, wala si mraba wala msambamba, na ukiacha ya kati nje, mraba na msambamba haviwezi kufanya ncha mbili za nyuzi 45 na kona moja ya mraba kwa pamoja. Nafasi nne zimekufa bila hata kipande kidogo kimoja kuguswa.

Zimebaki nne ambazo upande uliosimama unaegemea ukuta wa mstatili. Zote nne huacha umbo moja, likigeuzwa tu au kupinduliwa. Tuchague ile ambayo pembe ya mraba ya kubwa iko kwenye kona ya chini kushoto ya kivuli. Inachukua ukuta wote wa kushoto na sentimita 10 za chini, na upande wake mrefu unapanda kutoka chini hadi kona ya juu kushoto. Kilichobaki katikati ya kubwa mbili ni trapeza ndogo iliyopinduka: juu ina 15, chini ina 5, kulia imesimama wima kwa 10, na kushoto ina mshazari wa 14.1. Kona zake ni 45 juu kushoto, 90 juu kulia, 90 chini kulia, na 135 chini kushoto.

Hapa ushauri wa kufuata ukubwa unaishiwa nguvu. Ya kati, mraba na msambamba vina eneo lilelile la 25, na anayeshikilia neno “kikubwa kwanza” atachukua ya kati kwa kuwa ndiyo inayofanana na alizokwisha kuziweka. Mimi huchukua msambamba, kwa sababu ndicho kipande pekee chenye pembe ya nyuzi 135, na kivuli kilichobaki kina kona moja tu ya namna hiyo. Kona hiyo ingeweza pia kujazwa na 90 na 45 kwa pamoja, lakini kipande kinachoijaza peke yake ndicho cha kujaribiwa kwanza. Upande wa chini wa nafasi ni 5 kamili, nao unapokea upande wa 5 wa msambamba bila kubakiza kitu. Upande wake wa 7.1 unapanda kwenye mshazari na kuchukua nusu kamili ya zile 14.1. Hakuna namna ya pili ya kuulaza kwenye kona hiyo, kwa kuwa kuubadilisha kungeweka ukingo wa ukoo wa 5 juu ya mshazari wa ukoo wa 7.1.

Ncha kali ya msambamba imefika kona ya chini kulia. Kona hiyo ilikuwa ya nyuzi 90. Ncha imechukua 45, zimebaki 45. Juu ya kona hiyo kuna ukuta wa sentimita 10, na huo ni urefu wa upande mrefu wa pembetatu ya kati, ambayo ina nyuzi 45 kila mwisho. Inaingia hapo, na upande wake mfupi wa chini, 7.1, unalala wote dhidi ya upande wa 7.1 wa msambamba. Nafasi iliyobaki ina 15 juu, 5 chini, kimo cha 5, na mishazari miwili ya 7.1 inayoelekeana. Mraba unakaa katikati, ndogo mbili zinakaa kushoto na kulia, na kivuli kimejaa.

Kabla ya kuridhika mimi hupitisha jicho kwenye kila ukingo na kujumlisha. Chini: 10 ya kubwa ya kushoto, 5 ya msambamba, 10 ya kubwa ya kulia, jumla 25. Juu: 5 ya ndogo, 5 ya mraba, 5 ya ndogo, jumla 15. Mpaka wa ndani wa kubwa ya kushoto una 14.1, nao umeegemewa na 7.1 ya ndogo na 7.1 ya msambamba. Mpaka wa ndani wa kubwa ya kulia una 10, nao umeegemewa na 10 ya ya kati. Hakuna mahali ambapo koo mbili zimegusana kwa ukingo.

Inafaa pia kuona jinsi kazi inavyoharibika kwa anayeanza na ya kati. Tuseme ameiweka sawa kabisa, kwenye ukuta uleule wa 10, kisha anaona kona ya nyuzi 45 chini yake na kuijaza na pembetatu ndogo badala ya ncha ya msambamba. Ndogo inakaa vizuri sana: 5 chini, 7.1 dhidi ya ya kati. Baada ya hapo msambamba unaweza kusimama kushoto kwake, ndogo ya pili inaingia kwenye ncha ya juu kushoto, na panabaki tundu moja juu lenye eneo la 25. Mkononi amebaki na mraba, wenye eneo la 25 vilevile. Tundu, hata hivyo, lina umbo la pembetatu ya kati. Nimewaona watu wakiugeuza mraba mara nyingi juu ya tundu hilo, na mmoja alinilaumu kwamba fundi wangu amekata vibaya. Eneo linalolingana mwishoni halithibitishi chochote, kwa kuwa jumla ni 200 daima. Kilichobaki mkononi lazima kilingane na tundu hata ukikosea kila kitu.

Kosa katika mfano huo ni kutumia ndogo mapema. Ndogo mbili zikiungana zinaweza kuwa mraba, au msambamba, au pembetatu ya kati, kwa hiyo zinafaa kubaki akiba hadi mwisho: tundu la eneo la 25, likiwa na umbo lolote kati ya hayo matatu, zinaliziba. Mraba hauna uhodari huo. Hauna nyuzi 45 popote, hivyo hauwezi kuingia kwenye ncha kali, na unapaswa kupewa mahali pake kabla ndogo hazijachukua nafasi. Mpangilio wangu wa kawaida basi ni kubwa mbili, kisha msambamba, kisha ya kati au mraba kwa jinsi kona zitakavyosema, na ndogo mwisho kabisa.

Msambamba una jambo jingine la pekee. Vipande vingine sita ukivipindua uso chini vinabaki vilevile. Msambamba ukipinduliwa unaegemea upande mwingine, na kuuzungusha mezani hakuwezi kufanya kazi ya kuupindua. Katika zile nafasi nne njema za kubwa ya pili, mbili zinaacha trapeza ndogo ambayo kona yake ya 135 inadai msambamba unaoegemea kushoto kama wetu, na mbili zinaacha taswira yake ya kwenye kioo, inayodai unaoegemea kulia. Kama kona ni ya 135, kingo ni za koo sahihi, na bado msambamba unatoka nje ya mstari, upindue kabla hujalaumu kitu kingine. Fundi wangu kwanza alikuwa amepaka vanishi uso mmoja tu wa vipande, na karibu wageni wote walidhani uso usiopakwa hauruhusiwi kuwa juu. Nilimrudishia apake nyuso zote mbili.

Nilisema nitarudi kwenye vivuli vyenye kona za kuingia ndani. Watu, wanyama na nyumba za tangramu mara nyingi huunganishwa kwa kulaza ukingo wa ukoo mmoja juu ya ukingo wa ukoo mwingine, na hapo hatuwezi tena kusema kwamba kila pembetatu kubwa imelala kwa mwelekeo mmoja. Lakini muungano wa namna hiyo huacha alama kwenye mzingo wa kivuli: kijiukingo kifupi ambacho si urefu wa kipande chochote. Tofauti ya 10 na 7.1 ni 2.9, ya 7.1 na 5 ni 2.1, ya 14.1 na 10 ni 4.1. Ukipima mzingo na kukutana na mojawapo ya namba hizo, au nusu yake, umepata dokezo la kingo mbili zilizolazwa pamoja.

Chukua kivuli cha nyumba ndefu yenye paa la pembe tatu. Baada ya kukikuza hadi eneo la 200 unapata ukuta wenye upana wa 10 na kimo cha 15, na paa linalotokeza nje ya ukuta kwa takriban 2.1 kila upande. Mara mbili ya 2.1, kwa hesabu isiyokadiriwa, ni 4.1, yaani tofauti ya 14.1 na 10. Paa basi ni pembetatu kubwa moja iliyolazwa kwa upande wake mrefu juu ya ukuta. Kama paa lingetokeza kwa 5 kamili kila upande, upana wake ungekuwa 20, nalo lingekuwa kubwa mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, na ukuta chini yake ungekuwa mraba wa 10 kwa 10 wa kujazwa na vipande vitano vilivyobaki. Katika nyumba yetu ya 2.1, ukuta umebakiwa na kubwa moja na vipande vitano vidogo, eneo lake ni 150, na vipimo vyake ni 10 kwa 15. Huo ni mstatili uleule tulioujaza ndani ya trapeza, umesimamishwa tu.